Maswali na majibu: pengo la pato la taifa na nukta ya mwisho isiyotulia

Mwalimu, nimetumia filta ya HP, yaani Hodrick-Prescott, kwenye pato la taifa la robo mwaka. Nikaongeza robo moja tu mpya, mapengo ya robo za nyuma, yaani tofauti ya pato na mwelekeo wake, nayo yakabadilika. Nimekosea wapi?

Hujakosea, filta ndo ilivyo. HP inatafuta mstari wa mwelekeo unaokaa karibu na data na wakati huohuo usipinde ghafla, na ili kukadiria mwelekeo wa robo fulani inaangalia robo za kabla na za baada yake. Katikati ya data inaona pande zote mbili, mwishoni inaona upande mmoja tu. Kwa lamda 1600, yaani namba inayoamua mwelekeo uwe mgumu kiasi gani, robo iliyo katikati inachangia karibu asilimia 6 tu ya mwelekeo wake yenyewe, ila robo ya mwisho kabisa inachangia karibu asilimia 20. Yaani pale ambapo Benki Kuu inataka jibu, ndo pale mwelekeo unapovutwa zaidi na namba moja mpya.

Tuchukue mfano, fanya na wewe utaona. Uchumi unakua sawasawa asilimia 1.5 kila robo kwa miaka mingi, umeweka log, kwa hiyo ni mstari ulionyooka na pengo ni sifuri kila mahali. Robo inayofuata pato linakuwa asilimia 5 chini ya mstari ule. HP inashusha mwelekeo wa robo hiyo kwa asilimia 1 hivi, kwa hiyo pengo linasoma -4. Lakini angalia robo ya kabla yake, ambayo jana ilikuwa sifuri: sasa mwelekeo wake nao umeshuka, na inasoma +0.9, ya mwaka mmoja nyuma inasoma karibu +0.6. Ghafla filta inakwambia uchumi ulikuwa umechemka kabla ya kuanguka, wakati hakuna kitu kama hicho kilichotokea!

Sasa miaka ikapita. Kama pato lilirudi kwenye mstari robo iliyofuata, ile -4 mwishowe inakuwa kama -4.7 kwa sababu filta imeshaona kwamba anguko lilikuwa la muda. Kama pato halikurudi, likabaki asilimia 5 chini moja kwa moja, mwelekeo unapita katikati ya ngazi ya zamani na mpya, na ile -4 inakuwa karibu -2.4, na robo ya kabla ya anguko inapanda mpaka +2.4. Robo ileile, data ileile, hakuna namba iliyorekebishwa, kilichobadilika ni yaliyokuja baadaye. Kwa kanuni ya Taylor, inayopanga riba kwa kuangalia mfumuko wa bei na pengo, yenye uzito wa 0.5 kwenye pengo, tofauti ya -4 na -2.4 ni kama pointi 0.8 za asilimia kwenye riba, na hiyo si ndogo kwa mtu anayepanga riba kila robo, kama Benki Kuu ya Tanzania inavyofanya tangu Januari 2024.

Si ni kwa sababu ofisi za takwimu hurekebisha data?

Hilo lipo ila siyo kubwa. Wanauchumi Orphanides na van Norden walilipima kwa data za Marekani, makala yao ilitoka 2002: walichukua takwimu kama zilivyokuwa wakati ule, wakakadiria pengo kwa njia kadhaa, kisha wakalinganisha na makadirio ya baadaye. Marekebisho ya pengo yalikuwa makubwa karibu sawa na pengo lenyewe, na sehemu kubwa haikutokana na data kurekebishwa bali na mwelekeo kutokadirika vizuri mwisho wa sampuli. Kwa hiyo hata ofisi ya takwimu ikikupa namba isiyobadilika milele, tatizo lako bado lipo.

Nikibadilisha lamda je?

Haitibu. Ile 1600 ilitoka kwenye dhana tu, kwamba pengo la kawaida ni asilimia 5 na ukuaji wa mwelekeo hubadilika kwa moja ya nane ya asilimia kwa robo, gawanya halafu piga kipeo cha pili unapata 1600. Ukiipandisha, mwelekeo unakuwa mgumu zaidi na robo ya mwisho inauvuta kidogo, ila sasa anguko la kudumu linachukua miaka zaidi kutambulika. Umehamisha kosa tu.

Wenzangu ofisini wanaongeza utabiri wa miaka mitatu mbele ndo wanaendesha filta. Ni sawa?

Inasaidia, kwa sababu robo ya leo inaacha kuwa ya mwisho. Ila rudi kwenye mfano wetu: ukitabiri pato litarudi kwenye mstari, pengo litaelekea -4.7, ukitabiri halirudi, litaelekea -2.4. Jibu umeliweka mwenyewe kwenye utabiri, filta imelirudisha tu, halafu mtu anachukua pengo lile kutabiri mfumuko wa bei kana kwamba ni ushahidi mpya. Mimi ningeendesha zote mbili na kuonyesha zote mbili kwenye ripoti, maana swali la kweli ni kama anguko ni la kudumu, na hilo linajibiwa kwa kuangalia viwanda, mikopo, mvua, siyo kwa filta.

Na ile njia ya Hamilton?

Mwaka 2018 mwanauchumi James Hamilton alipendekeza kuachana na HP: unatabiri pato la robo hii kwa robo nne zilizoishia miaka miwili nyuma, na kile usichoweza kutabiri ndo pengo. Haiangalii mbele kwa hiyo mapengo ya zamani hayatikisiki sana, hilo ni zuri kweli. Lakini anguko la kudumu inalihesabu lote kama pengo kwa robo nane, kisha inapofika robo ya tisa linapotea karibu lote kwa mara moja, hata kama siku hiyo hakuna kilichotokea kwenye uchumi. Kutulia siyo sawa na kuwa sahihi.

Nitapimaje yangu inatikisika kiasi gani?

Kata data, endesha filta mpaka kila robo kama vile ndo ya mwisho, weka namba ile ya mwisho pembeni, linganisha na ya data nzima:

```python
import numpy as np
import pandas as pd
from statsmodels.tsa.filters.hp_filter import hpfilter

y = 100*np.log(gdp)   # data isiyo na msimu
nzima, _ = hpfilter(y, lamb=1600)
papohapo = pd.Series({y.index[n-1]: hpfilter(y.iloc[:n], lamb=1600)[0].iloc[-1]
                      for n in range(40, len(y)+1)})
kosa = (nzima - papohapo).iloc[39:-12]
```

Robo 12 za mwisho nimezitoa kwa sababu `nzima` nayo hapo bado haijatulia, ukiziacha ndani utajidanganya kwamba kosa ni dogo. Kisha linganisha `kosa.std()` na `nzima.std()`, na hesabu ni mara ngapi alama zimegeuka, yaani papo hapo ilisema chini ya sifuri na baadaye ikawa juu.

Data yangu ya Kenya ina ruka kubwa, uchumi ulipohesabiwa upya 2014. Filta itaelewa?

Haielewi kabisa. Hesabu ile mpya ilipandisha ukubwa wa uchumi kwa karibu asilimia 25, na ukiunganisha mifululizo miwili hivi hivi, ruka kama hiyo inakupa pengo feki la zaidi ya asilimia 10 chini ya sifuri kabla yake na zaidi ya 10 juu baada yake. Tumia mfululizo mpya mpaka unapoanzia, halafu rudi nyuma kwa viwango vya ukuaji vya mfululizo wa zamani, ndo uendeshe filta.