Katuma yuan 5.20: anadai au anapenda?

"Nanunua mzigo Guangzhou kwa dada mmoja, hatudaiani. Juzi kanitumia yuan 5.20 kwenye WeChat bila neno lolote. Nimrudishie?" – Mfanyabiashara, Kariakoo

Tulia kwanza, kaka, utazame kalenda. Isome hiyo namba tarakimu moja moja kwa Kimandarini: *wu, er, ling*. Iseme harakaharaka, inakaribia *wo ai ni*, yaani "nakupenda". Silabi mbili za mwanzo zina hata toni zilezile; *ling* ndiyo inayochechemea mbele ya *ni*. Lakini kusini mwa China wapo wengi wanaochanganya L na N, kama vile kwetu wapo wanaokwenda kupiga "kula" siku ya uchaguzi. Sikio lililokulia huko halisumbuliwi na tofauti hiyo.

Kalenda nimeitaja kwa sababu Wachina huandika mwezi kabla ya siku, na hivyo 20 Mei kwao ni 5-20. Siku hiyo ni ya wapendanao, na ofisi za kusajili ndoa hujaa foleni. Bahasha nyekundu ya WeChat, ile ya zawadi ya fedha, siku za kawaida haizidi yuan 200, ila siku hiyo kiwango hupandishwa hadi 520 ili watu watume namba kamili. Asiye nazo hutuma 52.0 au 5.20, na maana ni ileile.

Kwa hiyo kama ilikuwa 20 Mei na anauzia watu wengi, huenda ni salamu kwa wateja wote. Kama ilikuwa usiku wa siku ya kawaida, kwako peke yako, jiongeze. Na ukiona mambo mazito, usiipokee tu: baada ya saa 24 fedha hurudi kwa mtumaji zenyewe, na hakuna aliyetamka neno.

"Natafsiri tamthilia ya Kichina. Kijana anaandika 5201314. Niiache namba, au niandike 'nakupenda milele'?" – Mtafsiri, Nairobi

Mimi hujiuliza kama hiyo namba ina kazi nyingine zaidi ya sauti. Ikiwa kijana kaiandika tu kwenye ujumbe, itupe, andika maneno. Ikiwa ni kiasi cha fedha, tarehe au saa, mtazamaji ataiona kwenye skrini, kwa hiyo huwezi kuificha.

Chukua tukio kama hili. Simu inalia saa 13:14, msichana anaona yuan 520 zimeingia, anatabasamu. Ukiandika "Nakupenda" peke yake, mtazamaji wa Nakuru anaona fedha na kusoma mapenzi, anadhani umekosea. Ukiandika "Yuan 520" peke yake, hajui tabasamu limetoka wapi. Mimi ningeandika: *Yuan 520. "Nakupenda", kwa namba.* Ukishafanya hivyo mara moja katika sehemu ya kwanza, mtazamaji keshaelewa, huko mbele namba inatosha.

Ile 13:14 nayo ni *yi san yi si*, inayosikika kama *yi sheng yi shi*: uhai mmoja, dunia moja. Sipendi "milele" hapo, kwa sababu milele inavuka kaburi na msemo wa Kichina unaishia kwenye uhai. "Hadi kifo kitutenganishe" ni mbaya zaidi, unaleta mchungaji na pete. "Maisha yangu yote" inakaa vizuri.

Jambo la mwisho ni uzito. Wachina wengi huona haya kutamka *wo ai ni* kwa mdomo, na namba ni njia ya kulisema bila kulisema. Kwa hiyo marafiki wa kike wanaotumiana 520 hawaapiani. Hapo "nakupenda" kavu inazidisha chumvi. Kama wasikilizaji wako ni wa Bongo, "nakupendaga bure" ndiyo yenyewe.

"88 ni kwaheri?" – Mwanafunzi, Zanzibar

Ni "bai". Nane ni *ba*, na *ba ba* inaigiza *bai bai*, neno ambalo Wachina wenyewe walilichukua kutoka Kiingereza. Kwaheri yetu ina mzigo: mtu anasafiri, au mapenzi yameisha. 88 ni ya mtu anayekwenda kuoga. Mwandikie "bai", au "haya, baadaye".

Ukikuta 886, ile *liu* ya mwisho inasimama badala ya *le* au *lou*, kijineno cha mwisho wa sentensi kinachoonyesha kwamba hali imebadilika, mtu ndiyo anaondoka sasa hivi. Kwetu kazi hiyo hufanywa na "haya" na "basi": "Haya basi, mie huyo." Pia 886 imeshazeeka kidogo. Mtindo huu ulishika Taiwan miaka ya 1990, enzi za peja, vile vidude vya kiunoni vilivyoonyesha tarakimu tu, kisha ukahamia kwenye kompyuta. Kijana wa leo akiandika 886 ni kama wewe uandike "2taonana", ule uandishi wa meseji wa enzi za "m2" na "wa2". Kama mhusika ni mtu mzima anayejitahidi kuwa wa kisasa, tumia hiyohiyo "2taonana", utakuwa umetafsiri hadi umri wake.

Angalia tu mahali inapotua. Mtu aliyetumiwa 520 akijibu 88, wepesi wake ndio unaouma. Hapo usiitilie uchungu kwa "kwaheri ya kutoonana". Mwachie "Haya, bai."

"Nimeweka video nikicheza gita, Mchina mmoja kaandika 666. Mimi ni mlokole. Ananilaani?" – Mwanamuziki, Mwanza

Anakusifu. Sita ni *liu*, na inalingana na neno la kitu kinachoteleza vizuri, yaani ufundi uliokubali mkononi. Lilienezwa na wacheza gemu. Namba ya mnyama ya Ufunuo 13:18 haimo kabisa kichwani mwake. Tafsiri yake ni "umetisha!" au "noma!". Ila kama ulikosea nota hadharani na mtu akaandika "6" moja tu, huyo anakukejeli.

"Nimezisoma 233 na 996 kwa sauti mpaka nimechoka, hazileti neno. Nakosea wapi?" – Msomaji, Muscat

Hukosei, hazina sauti yoyote ya kutafuta. 233 ilikuwa namba ya kikatuni kinachocheka katika orodha ya vikatuni vya mtandao wa Mop, na kila 3 inayoongezwa huzidisha kicheko. Andika "hahaha".

996 ni ratiba ya kazi: kuanzia saa 9 hadi saa 9, siku 6 kwa wiki. Mtego wake uko kwenye saa yetu. Saa hiyo 9 ya Wachina kwetu ni saa tatu, kwa hiyo andika "saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita". Ukiiacha "saa tisa hadi saa tisa", msomaji wako ataona mtu anaingia kazini alasiri na kutoka alfajiri, amdhanie mlinzi.