Upimaji wa umahiri na upimaji wa maudhui

Swali: Nafundisha upimaji kwa wanafunzi wa uzamili wa elimu. Nikisema "upimaji wa umahiri" na "upimaji wa maudhui", wanaelewa kwamba wa kwanza ni vitendo na wa pili ni nadharia. Niwaelezeje?

Jibu: Sehemu ya tatizo imo katika maneno yenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, mahiri ni bingwa, ilhali katika upimaji umahiri ni kufikia kiwango kilichotajwa, hata kama ni cha chini. Wakenya husema umilisi, nalo lina mtego wake: kwa aliyesoma isimu, umilisi ni maarifa ya lugha yaliyo akilini, na kinyume chake ni utendaji. Kwa hiyo tumia neno la nchi yako, ila lifafanue mapema. Mimi pia ningesema "upimaji unaozingatia umahiri", kwa sababu kihusishi "wa" hakionyeshi kwamba umahiri ndio msingi wa uamuzi.

Kisha wape mfano mmoja. Watu watano walisubiri huduma kwa dakika 4, 4, 5, 5 na 32. Swali la maudhui: "Kokotoa wastani na thamani ya katikati." Majibu ni 10 na 5, na alama zinatolewa hapo hapo. Kazi ya umahiri: "Mkuu wa kituo anataka kujua mteja wa kawaida husubiri muda gani. Mwandikie sentensi mbili, na utetee namba uliyochagua." Mwanafunzi aliyekokotoa zote mbili sawasawa, kisha akaandika kwamba mteja wa kawaida husubiri dakika 10, atapata alama zote kwenye swali la kwanza. Kwenye kazi ya pili hajafikia kiwango, maana hakuona kwamba yule wa dakika 32 ndiye aliyeuvuta wastani juu. Tena kazi zote mbili zimefanywa kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo suala si vitendo.

Tofauti iko kwenye hitimisho. Alama 60 kwa 100 za maudhui zinasema mwanafunzi amepata kiasi gani cha yaliyofundishwa, na mada aliyoijua hufidia asiyoijua. Katika umahiri kila kigezo huamuliwa peke yake: hesabu nzuri haifidii uchaguzi mbaya wa namba.

Waonye pia wasihukumu swali kwa kitenzi chake. "Tetea" linaonekana la umahiri, lakini kama mwalimu aliufanya mfano huohuo darasani, mwanafunzi anakumbuka tu. Ukitaka kujua, badilisha data: mpe 9, 10, 10, 10 na 11, ambapo wastani na thamani ya katikati vyote ni 10. Aliyekariri ataendelea kulalamikia namba kubwa inayovuta wastani, ambayo haipo. Hata hivyo, kazi moja haitoshi kutangaza umahiri. Inahitajika nyingine yenye mazingira tofauti.

Na wakikuuliza kama maudhui yametupwa, waulize wao mtu angetetea vipi thamani ya katikati asiyoijua.