Seti zako za matangazo zikimgombania mteja yule yule

Dada mmoja anayeuza nguo za kitenge hapa Kampala aliniomba nimwangalizie akaunti yake ya matangazo ya Meta. Alikuwa na seti tatu, yaani mafungu ya matangazo yenye bajeti na walengwa wake, kila moja shilingi 20,000 kwa siku: wapenda mitindo, wanaopanga harusi, na wanawake wa miaka 25 hadi 45. Ya kwanza ilimaliza bajeti kila siku. Mbili zilizobaki hazikufika hata shilingi 6,000, naye aliamini kwamba seti zake zinashindana kwenye mnada ambao Meta huutumia kuamua tangazo lipi mtu aonyeshwe, hivyo anajipandishia bei mwenyewe.

Sivyo. Seti mbili za mtangazaji mmoja zikistahili kumfikia mtu yule yule kwa wakati mmoja, Meta huingiza mnadani ile moja yenye thamani kubwa zaidi, ikipima dau, uwezekano wa mtu kuchukua hatua, na ubora wa tangazo. Nyingine hubaki nje. Hasara iko hapo: seti iliyoachwa haitumii fedha, wala haipati matokeo ya kujifunzia. Ili mfumo ujifunze nani wa kumwonyesha tangazo, kila seti huhitaji matokeo yapatayo 50 ndani ya siku 7. Ikionekana haitayafikia, safu ya Delivery huandika Learning limited, yaani haijapata matokeo ya kutosha kujifunza.

Kwetu Uganda tatizo hili huja upesi. Facebook ilifungwa Januari 2021, hivyo wengi wetu tunategemea Instagram, ambako walengwa si wengi. Ukiwakata vipande vitatu, mara nyingi unawagawa watu wale wale.

Kuhakikisha, hifadhi makundi yako, nenda Audiences, yatie alama, kisha chagua Show audience overlap. Soma asilimia kwa uangalifu, kwa sababu inategemea kundi ulilolianzia. Tuseme wapenda mitindo ni 200,000, wa harusi ni 50,000, na wanaopatikana kote kuwili ni 40,000. Ukianzia mitindo utaona 20% na kutulia. Ukianzia harusi utaona 80%. Mimi huanzia kundi dogo, maana ndilo linalokosa nafasi.

Kwa wiki, seti zake zilileta mazungumzo ya WhatsApp 31, 14 na 9. Hakuna iliyofika 50, lakini kwa pamoja ni 54. Tukabakisha ile yenye nguvu, tukapanua walengwa wake, tukaipa shilingi 60,000 zote, na picha za harusi zikaingia humo kama tangazo jingine. Mabadiliko makubwa hivyo huanzisha kujifunza upya, kwa hiyo yafanye kwa mkupuo mmoja kisha usiiguse kwa wiki nzima. Waliokwisha kununua tuliwawekea seti yao, tukawaondoa kwenye ile kubwa kwa orodha ya namba zao.

Ila kama seti zako zote zinatumia bajeti na gharama ya kila mazungumzo inakuridhisha, ziache hata kama mwingiliano ni mkubwa. Huenda hazikutani mnadani mara nyingi.