Kadi za maneno ya usalama kazini
"Nachanganya tukio, ajali na nusura ajali. Kadi niziandikeje?"

Habari ndugu. Nyuma ya kadi weka kisa kimoja, ubadilishe mwisho tu. Chukua saiti ya ghorofa hapa Moshi: spana inamponyoka fundi juu ya jukwaa. Ikitua pembeni ya saidia fundi bila kumgusa, ni nusura ajali. Ikimvunja bega, ni ajali. Kwa ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha usalama na afya kazini, zote mbili ni matukio, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani pasipo majeruhi hakuna tukio. Kisa hichohicho kinafaa kwa kadi nyingine: huyo saidia fundi kufanya kazi chini ya jukwaa ndiyo mfiduo, yaani kuwa mahali hatari inaweza kumfikia, hata siku ambayo hakianguki kitu. Mtu mahiri ni mwenye mafunzo na uzoefu wa kulikagua jukwaa lenyewe, cheo hakitoshi.