Hiyo asilimia 85 naichota wapi?

"Wakuu, naripotia redio moja hapa Moshi. Jana nimekaa na afisa mmoja dakika 40 kuhusu mradi uliokwama, nimetoka mikono mitupu. Kila swali ni 'mchakato unaendelea'. Nikirusha alichosema naonekana nampigia debe, nisiporusha mhariri ataniuliza upande wa pili uko wapi. Nyie mnafanyaje?"

Mkuu, mimi nilinaswa vibaya zaidi yako, maana sikujua hata kwamba nimekwepwa.

Nilikuwa Arusha, mwandishi wa kujitegemea, unalipwa kwa habari iliyotoka. Kulikuwa na mradi wa maji kwenye kijiji kimoja mteremko wa Meru, upande wa Arumeru. Ofisi husika ikatualika waandishi kama kumi, tukapakiwa kwenye gari, tukaonyeshwa tenki jipya, tukapiga picha, tukapewa soda na ile "nauli" (hayo tuyaache, humu kila mtu anayajua). Injinia akatuambia mradi umefikia asilimia 85. Kesho yake habari yangu ikatoka: "Imeelezwa kuwa mradi wa maji utakaonufaisha wananchi zaidi ya 6,000 umefikia asilimia 85 ya utekelezaji." Nilijisikia mwandishi kweli kweli.

Jumamosi nikaenda soko la Tengeru. Mama ninayenunua kwake ndizi anatoka kijiji hicho hicho. Akanifungia mkungu, kisha bila hata kuniangalia akasema, "Mwanangu, nimesikia maji yetu yamefika asilimia themanini na tano. Sasa hiyo asilimia naichota wapi?"

Nilimtafuta rafiki yangu mmoja anayesimamia miradi ya ujenzi, nikitegemea aniambie injinia amedanganya. Akacheka. Akaniambia asilimia ya utekelezaji mara nyingi hupimwa kwa thamani ya kazi iliyofanyika ukilinganisha na thamani ya mkataba. Chanzo, mitaro, mabomba na tenki ndivyo vinavyokula fedha. Kuunganisha mtaa wa mwisho, kufunga pampu, kujenga magati ya kuchotea, hayo kwenye hesabu ni sehemu ndogo, lakini ndiyo yanayomtoa mama na dumu kichwani. Kwa hiyo mradi unaweza kuwa na asilimia 85 halali kabisa na kitongoji kizima kikawa hakijaona tone. Injinia hakusema uongo. Alijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, nasi tukaliandika kama jibu la swali letu.

Hapo ndipo nilipobadilisha mpangilio wa kazi. Siku hizi ofisi ya mkubwa ndiyo kituo cha mwisho. Nilirudi kijijini kwa bodaboda, nikaanza na kibao cha mradi pale barabarani. Wengi tunakipita tu, wakati kina jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza ilikuwa imepita miezi minane. Nikakipiga picha. Kisha nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji tuzunguke kwenye magati yote, tunafungua koki moja moja, naandika saa, naandika yanatoka au hayatoki. Yalikuwa 22. Saba yalitoa maji, yote ya vitongoji viwili vya chini. Ilituchukua asubuhi nzima na kiatu kimoja kikaachia soli.

Ndipo nikaomba miadi. Nilikwenda na maswali matatu tu, kila moja linajibika kwa namba, kwa tarehe, au kwa ndiyo na hapana. Swali la "mradi unaendeleaje?" ni zawadi kwa mtu anayetaka kukwepa. Na ukiunganisha maswali mawili kwenye pumzi moja, atachagua lile jepesi.

"Shikamoo injinia."

"Marahaba, karibu ndugu mwandishi."

Nikamwomba ruhusa ya kurekodi, nikaweka simu mezani aione. "Injinia, magati mangapi kati ya 22 yanatoa maji leo?"

"Kwanza niseme serikali imeleta fedha nyingi sana kwenye sekta ya maji. Mradi huu umefikia asilimia 85."

Nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuuliza, hasa kwetu tuliofundishwa kumwitikia mkubwa "ndiyo, ndiyo". Akaongeza mwenyewe, "Changamoto ndogo ndogo hazikosekani."

"Asilimia nimeielewa. Magati mangapi yanatoa maji leo?"

"Hilo la idadi mpaka niwasiliane na walioko saiti."

"Jumatatu tuliyafungua yote na mwenyekiti wa kitongoji. Saba ndiyo yaliyotoa maji. Kwenye hesabu hiyo kuna mahali nimekosea?"

Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Mpaka pale alikuwa na uhuru wa kusema chochote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natafuta. Nilipoweka hesabu mezani, akabakiwa na njia mbili: aikubali au aisahihishe. Akajaribu ya tatu, "Inawezekana siku hiyo kulikuwa na mgao." Sawa, hilo angalau linapimika. Nikaomba ratiba ya mgao. Hakuwa nayo.

"Vitongoji vya juu vitapata maji tarehe ngapi?"

"Tupo mbioni."

"Kwa hiyo niandike kwamba hukunitajia tarehe?" Niliuliza kwa upole, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Sikuwa namtisha, nilitaka ajue kitakachosomeka.

Akashusha pumzi. "Tunasubiri pampu."

Habari nzima ilikuwa hiyo. Vitongoji vitatu vya juu viko juu ya usawa wa tenki, maji hayawezi kupanda yenyewe, na pampu ya kuyapandisha haikuwepo. Pale kwenye soda na nauli hakuna aliyeitaja, na hakuna aliyeiuliza, mimi nikiwemo.

Wengi hapa mnapenda yale mahojiano ya BBC ya 1997, mtangazaji Jeremy Paxman akimuuliza mwanasiasa Michael Howard swali moja mara kumi na mbili hivi. Ni darasa zuri, ila usisahau yule alikuwa studio, mbele ya kamera. Wewe uko ofisini kwa mtu, mlango umefungwa, na mwezi ujao utamhitaji tena. Mimi huuliza mara mbili kwa maneno yale yale, ya tatu namweleza nitakavyoandika. Ya nne inakuwa ugomvi, na ugomvi unampa sababu ya kukutoa nje.

Suala la mgao sikuliacha hewani. Nilirudi kijijini mara mbili nyingine, siku tofauti na saa tofauti, mara moja saa kumi na mbili asubuhi. Magati saba yale yale. Bila safari hizo ningelazimika kuandika "huenda kulikuwa na mgao", na habari ingeisha pale.

Sasa kuandika. Hapa ndipo wengi tunapoharibu hata baada ya mahojiano mazuri. Propaganda haiingii kwa kishindo, inaingia kwa vitenzi. Andika "alibainisha kuwa mradi umefikia asilimia 85" na umeshamsaidia, kwa sababu kubainisha ni kuweka wazi jambo lililo kweli. "Alifafanua" ni hivyo hivyo, na mara nyingi aliyefafanua hakufafanua kitu. "Alidai" nako kunamgeuza mwongo kabla hujathibitisha, na "alikiri" kunamtia hatiani. "Alisema" ni neno kavu, halimpambi wala halimchafui. Mhariri wangu alikuwa akiyabadilisha ili habari "isirudie neno", mpaka tukakaa chini tukaelewana.

Na ile "imeelezwa kuwa" ya kufungulia habari, iache kabisa. Inamficha msemaji, madai yanasimama kama ukweli ulioshuka kutoka mbinguni. Vivyo hivyo "utakaonufaisha wananchi 6,000": hiyo ni idadi ya kwenye makabrasha ya mradi, haikuwa hesabu ya watu waliopata maji. Na "changamoto" niliiondoa. Pampu haipo, nikaandika pampu haipo.

Habari ya pili ikafunguka hivi: "Wakazi wa vitongoji vitatu vya kijiji hicho wanaendelea kununua dumu la lita 20 la maji kwa shilingi 500, miezi minane baada ya tarehe ambayo mradi wao ulipaswa kukamilika." Aya ya pili ikawa magati saba kati ya 22. Ya tatu pampu. Asilimia 85 ikaja aya ya nne, na sentensi iliyofuata ikaeleza namba hiyo inapima nini na haipimi nini, kisha tukarudi kwenye magati. Sikuiweka kwenye kichwa cha habari hata ndani ya alama za mtajo, maana msomaji wa magazetini pale kibandani husoma kichwa tu na kuondoka nacho. Karibu na mwisho: "Alipoulizwa tarehe ya maji kufika vitongoji vya juu, hakuitaja." Hiyo ndiyo namna ya kuandika kukwepa, mkuu. Swali lilikuwa hili, jibu halikuwepo, unaendelea. Usiweke "alikwepa" wala "alibabaika", msomaji ataona mwenyewe.

Asubuhi injinia akapiga simu, kafoka kweli. "Umeniharibia kazi, kijana." Nikamwomba anionyeshe kosa. Alilo nalo lilikuwa moja na lilikuwa sahihi: gati moja kati ya yale makavu lilikuwa la shule, la zamani, halimo kwenye mradi. Yalikuwa 21. Tukachapa masahihisho siku iliyofuata. Liliniuma, kwa sababu kuuliza "hili ni la mradi gani?" ni sekunde tatu tu. Tangu hapo nauliza.

Ukiambiwa "mimi si msemaji, andika barua", andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Kwa habari ya wiki hii haikufai, lakini nakala yenye mhuri wa kupokelewa itakufaa mwezi ujao. Maswali mafupi tuma pia kwa WhatsApp, mpe muda wa kweli, usitume saa kumi na moja jioni halafu saa moja useme hakujibu. Na tiki za bluu usiziandike kama ushahidi kwamba amesoma, simu huwa inashikwa na wengi.

Kwa redio una faida ambayo mimi sikuwa nayo: sauti yake. Usirushe ile hotuba ya fedha nyingi. Msimulie msikilizaji kwanza ulichokiona saiti, kisha weka swali lako na jibu lake vikifuatana bila kukatwa katikati, sekunde kumi na tano zinatosha. Rudi kwenye zile dakika 40 na karatasi iliyogawanywa katikati, swali kushoto, jibu kulia. Mahali upande wa kulia pametoka neno la kitu kinachoshikika, pampu, mkandarasi, barua, kibali, pazungushie kalamu. Ukipata hata kimoja, mpigie kesho asubuhi uulize hicho tu.