git merge au git rebase tukiwa watatu kwenye main moja

"Tuko watatu hapa Kisumu, wote tunasukuma kazi kwenye main. Tutumie git merge au git rebase? Mwenzangu anasema rebase hufuta kazi ya watu."

Rebase, ila kwa komiti ambazo bado ziko kwenye mashine yako pekee. Ukikataliwa kusukuma kwa sababu mwenzako amekutangulia:

```
git pull --rebase
git push
```

Komiti zako zinawekwa kando, za wenzako zinaingia, kisha zako zinaandikwa upya juu yake, moja moja. Kwa merge, kila anayechelewa huacha komiti ya ziada ya `Merge branch 'main'`. Tulikuwa wanne Nakuru na log yetu ilijaa hizo hadi kutafuta komiti iliyoleta hitilafu ikawa adhabu.

Mwenzako ana nusu ya ukweli. Komiti zilizoandikwa upya huwa na hashi mpya, kwa hiyo ukirebesi zilizokwisha kufika main utalazimika kusukuma kwa `--force`, na hiyo ndiyo inayoweza kufuta kazi ya mtu. Dalili ya kosa hilo: wengine wakivuta kwa merge, ujumbe uleule wa komiti unaonekana mara mbili kwenye `git log`.

Mgongano ukikushinda, `git rebase --abort` inakurudisha ulipoanza. Na chunga: ndani ya rebase, `--ours` ni upande wa main, `--theirs` ni wako. Hapo mimi nilishapoteza mchana mzima.

Tawi mnaloandikia wawili kwa wiki kadhaa? Hilo ningelifanyia merge, ingawa wapo watakaonipinga.