Profaili ya kampuni: anza na ripoti ya mwaka

"Tumepewa asaimenti ya profaili fupi ya kampuni, vitu vya kuthibitika tu. Naanzia wapi?"

Chagua iliyoko soko la hisa mdogo wangu, maana hizo lazima zitoe hesabu zilizokaguliwa hadharani. Mfano Safaricom, iko Soko la Hisa Nairobi tangu 2008, daunlodi ripoti yao ya mwaka, wenye hisa wakubwa, bodi, mapato vyote vimo. Wengi wanateleza hapa: mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi, kwa hiyo "mapato ya 2024" haieleweki, andika mwaka ulioishia Machi 2024. Halafu kuna namba za kundi zima pamoja na kampuni yao tanzu ya Ethiopia, na za Safaricom peke yake, usichanganye. Neno "inayoongoza" kata, labda uwe na takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.